Kwasababu au kwa sababu: pa kukata na pa kuunganisha kwenye imeli za kazini

*Shikamoo mwalimu. Niko ofisi ya kuklia mizigo hapa Dar, imeli nyingi kwa wateja tunaandika Kiswahili. Bosi mpya kanirudishia imeli amezungushia duara maneno kama kwasababu na tuna omba, ila mwenzangu anasema kwasababu siku hizi inakubalika, lugha inakua. Nani yuko sahihi, na nitajuaje pa kukata na pa kuunganisha bila kukariri orodha? Imeli yenyewe hii hapa:*

*"Habari za kazi. Mzigo ulio tajwa kwenye barua yako bado hauja toka bandarini kwasababu nyaraka hazija kamilika. Tuna omba utume ankara mapema ilituweze kulipia ushuru, nivizuri ikifika kabla ya Ijumaa. Pia tumeweka fomu kwaajili ya sahihi yako,tafadhali isaini nakuirudisha. Kuto fanya hivyo kuta sababisha gharama za stoo kuongezeka."*

Marahaba mdogo wangu. Bosi wako yuko sahihi kwa hiyo imeli, ila mwenzako naye hajaongea upuuzi, nitamfikia mbele.

Kwenye imeli yako nimeona makosa ya nafasi 12, na kitu cha kwanza nachotaka ukione ni kwamba hayaendi upande mmoja. Matano umeunganisha vitu vinavyotakiwa kukaa mbalimbali: kwasababu, ilituweze, nivizuri, kwaajili, nakuirudisha. Sita umekata kitu kimoja vipande viwili: ulio tajwa, hauja toka, hazija kamilika, tuna omba, kuto fanya, kuta sababisha. Moja lililobaki ni la mkato, ile "yako,tafadhali". Nasema hivi kwa sababu watu wengi wakishaambiwa "we unaunganisha sana maneno" wanaanza kukata kila kitu, na ukimrudia baada ya wiki mbili unakuta kaacha kwasababu lakini sasa anaandika "kwa mba" na "kwa nza". Hayo ni magonjwa mawili na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na yale sita ya kukata, maana mi naona hayo ndo mabaya zaidi, na sababu nitakupa nikifika kwenye kompyuta.

Kitenzi cha Kiswahili kinabeba sentensi nzima tumboni. "Tunaomba" ina mtenda ambaye ni sisi, ina wakati, ina kitendo, na vyote vinaandikwa kwa mkupuo mmoja bila kupumua. Sasa kwa nini watu wanakata? Naona sababu mbili. Ya kwanza ni shule, tulikaa darasani tunachambua viambishi, tu-na-omb-a, mwalimu anaweka vistari ubaoni, na wengine ile picha ya vipande imebaki kichwani mpaka leo. Ya pili ni simu. Ukianza kuandika "tuna" kibodi inaona neno kamili, maana "tuna" ipo kweli, tuna magari mawili, tuna kikao kesho, basi inakupa pendekezo, wewe unagusa, inaweka na nafasi yake yenyewe, halafu unaendelea na "omba". Imekata yenyewe na wewe hujaona. Ndo maana utakuta makosa haya yamejaa kwenye nina, tuna, ana, wana, ina, zina, kwa sababu hizo zote zina maisha yake peke yake zikiwa na maana ya kumiliki kitu. Sheria inayotoka hapo ni rahisi sana: baada ya nina au tuna inayosimama peke yake lazima kije kitu unachokimiliki au ulicho nacho, yaani nomino. Nina swali. Tuna ombi. Kikija kitendo, unganisha. Ninauliza. Tunaomba.

Na kuna njia ya sikio ambayo haihitaji kujua nomino wala kitenzi. Kiswahili kina tabia moja nzuri, kila neno lina mkazo mmoja, na huo mkazo karibu siku zote unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sema kwa sauti "tuna magari mawili", utasikia umekandamiza kwenye TU: TUna. Sasa sema "tunaomba utume ankara" kama unavyoongea na mteja kwenye simu. TU imelala kabisa, sauti imepanda kwenye O: tunaOmba. Mkazo mmoja, neno moja. Ukiandika "tuna omba" maana yake unamwambia msomaji akandamize mara mbili, TUna Omba, na hakuna Mswahili anayeongea hivyo. Jaribu na mengine kwenye imeli yako. HaujaTOka, siyo haUja TOka. HazijakamiLIka. KutoFAnya. KutasababIsha, mkazo uko kule mwisho kabisa, huku mwanzo hakuna kitu.

Hiyo ya mwisho naomba uiangalie vizuri. "Kuta" ukiiacha peke yake ni wingi wa ukuta. Mteja wako anasoma "kuta sababisha gharama", na ingawa ataelewa tu kwa sababu ni mzoefu, jicho lake limesimama hapo kidogo. Hivyohivyo na "haja". Nimewahi kusoma imeli inasema "Meneja haja saini cheki", na haja ni uhitaji, na ni choo pia, unaona ilipofika. Hajasaini. Neno moja.

Sasa "ulio tajwa", hili lina utamu wake na ndo linawashinda hata walioandika miaka mingi, kwa sababu kuna wakati "ulio" inaandikwa peke yake kihalali kabisa. Mzigo ulio bandarini, sawa. Mzigo uliotajwa, umeungana. Tofauti ni nini? Kwenye "ulio bandarini" hakuna kitendo kingine, ile "ulio" yenyewe ndo kitenzi, maana yake upo, mzigo ambao upo bandarini. Kwenye "uliotajwa" kitendo ni kutajwa, na ile "li" ni ya wakati uliopita, kwa hiyo ni sehemu ya kitenzi, haiwezi kukaa mbali nacho. Kipimo chake: weka "ambao upo" mahali pa "ulio". Mzigo ambao upo bandarini, inakubali, basi acha nafasi. Mzigo ambao upo tajwa, inagoma, basi unganisha. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa ndugu zake wote. Barua iliyo wazi, barua iliyofunguliwa. Mtumishi aliye likizo, mtumishi aliyeomba likizo. Masharti yaliyo magumu, masharti yaliyokubaliwa. Kwenye imeli za ofisini hili ndo linarudi kila siku, "fomu iliyo ambatanishwa", "makubaliano tuliyo saini", "nyaraka zilizo tumwa jana", zote hizo ziunganishe. Na zile zenye po pia, utakapofika, nilipopokea, atakaporudi, hizo hazina hali yoyote ya kukatwa.

"Kuto" haina maisha ya peke yake hata kidogo. Kutofanya, kutolipa, kutokufika kikaoni, vyote kimoja. Pita.

Kuna kundi jingine la kukata ambalo halimo kwenye imeli yako ila nalitaja kwa sababu linaweza kuleta kesi, ni yale majina ya watu wa kazi yaliyoungwa. Wanahisa ni wenye hisa. "Wana hisa" ni sentensi, maana yake wao wanazo hisa. Ukiandika tangazo la mkutano mkuu "wana hisa wote mnaalikwa" umeandika kitu kingine. Wanachama na "wana chama" vilevile. Mfanyakazi, mfanyabiashara, mwanasheria, mwenyekiti, yote ni neno mojamoja, ingawa kitendo chenyewe kinabaki na nafasi: wafanyakazi wanafanya kazi, hapo mbele kuna nafasi kwa sababu ni kitenzi na kazi yake. Na hasara ya hili utaiona siku unatafuta imeli ya zamani, umeandika "wanahisa" kwenye kisanduku cha kutafuta, haiji, kumbe aliyeituma aliandika "wana hisa" na mashine haijui kwamba ni kitu kilekile.

Haya, upande wa pili, ya kuunganisha.

Hapa sikio linakudanganya, na ndo chanzo chote cha kwasababu. Vile vineno vya silabi moja, kwa, na, ni, si, ya, wa, la, cha, vya, za, havina mkazo wake. Vinaegemea neno linalofuata. Ukisema "kwa sababu" sauti inapanda mara moja tu, kwasaBAbu, kwa hiyo sikio linasema hili ni neno moja na mkono unaandika hivyohivyo. Mtu anayeandika kwasababu hajakosa akili, ameandika anachosikia. Sema uandishi hapa haufuati sauti, unafuata ukweli kwamba "sababu" ni nomino inayojitegemea. Inatembea bila kwa: bila sababu, sababu hizo, sababu kuu mbili, na unaweza kusema "mzigo umechelewa kwa sababu mbili" ukaona wazi kwamba sababu hapo ni kitu kinachohesabika. Kwa hiyo kipimo cha kwa ni hiki: toa kwa, angalia kilichobaki, je kinaweza kusimama na kubaki na maana ileile? Sababu inasimama. Ajili ipo. Hiyo inasimama, niaba ipo, mfano upo, mujibu upo, kuwa ipo. Basi ni kwa sababu, kwa ajili ya, kwa hiyo, kwa niaba ya, kwa mfano, kwa mujibu wa, kwa kuwa, kwa vile. Na kwa nini pia, nini inasimama.

Na ukifanya hivyohivyo kwa zile nyingine unaona kwa nini zinaungana. Kwako, kwangu, kwake: ukitoa kwa kinabaki "ko", "ngu", "ke", hakuna kitu. Kwenye, kwenda, kwanza: hakuna kitu. Nimesema ibaki na maana ileile kwa sababu kuna mtego hapa, neno kwamba ukilikata kinabaki "mba" na mba ni neno, ni ule ugonjwa wa ngozi, unajua, lakini hauhusiani na kwamba hata kidogo. Kwani nayo ina "ni" ndani. Hizi mbili, kwamba na kwani, weka kichwani kama zilivyo na usizifanyie kipimo chochote.

"Nivizuri" ni rafiki yake "nimuhimu" na "nikweli", na upande wa kukataa kuna "silazima" na "sikweli". Wengine hufundisha kwamba ukitaka kujua kama ni inakaa peke yake, weka si mahali pake uone. Sikipendi hicho kipimo, kinavuja, kwa sababu ni vizuri inageuka si vizuri, sawa, lakini hata nitatuma inageuka sitatuma, na hapo umeshachanganyikiwa tayari. Kipimo nachotumia mimi ni kuuliza: humu ndani mimi nipo? "Nitatuma", mimi nipo, natuma mimi, unganisha. "Nitumie fomu", mimi nipo, natumiwa mimi, unganisha. "Sijapokea", nipo, unganisha. "Ni vizuri ikifika mapema", mimi sipo, anayezungumziwa ni ankara, tenganisha. "Si lazima uje", mimi sipo, tenganisha. Kinakwenda vizuri mpaka kwenye na: "naomba", mimi nipo, unganisha. "Isaini na kuirudisha", mimi sipo, ile na ni ya kuongeza jambo, tenganisha. Kuna vifupisho tu vya kukumbuka, nami, nawe, naye, nasi, nanyi, nao, hivyo vinaungana kwa sababu nusu ya neno imeshamezwa, lakini ukiandika neno zima nafasi inarudi, na mimi, na wewe, na sisi.

Ya, wa, la, za na wenzao fuata njia ya kwa. Ratiba ya kazi, siku ya pili, jambo la kwanza, gharama za stoo, zote na nafasi kwa sababu kazi, pili, kwanza na stoo vinasimama. Yako, wetu, zenu, yenye, zimeungana kwa sababu kilichobaki hakisimami. Sirefushi hapo.

Nirefushe kwenye "ilituweze" kwa sababu hapa kosa linabadilisha maana kabisa. Ili ya kusudi ni neno lenye silabi mbili, lina mkazo wake, sema mwenyewe: Ili tuWEze kulipia ushuru. Milio miwili, maneno mawili. Sasa Kiswahili kina kitu kingine kinachofanana nayo kwa herufi, ile i ya kitu cha ngeli ya nyumba na barua ikifuatiwa na li ya wakati uliopita. "Barua yenu ilituwezesha kupata kibali." Hiyo ni neno moja, mkazo mmoja, ilituwezEsha. Kwa hiyo msomaji akiona "ilitu..." macho yake yanaanza kusoma habari ya kitu kilichopita, akifika mwisho anakuta "weze" inamgomea, anarudi nyuma kusoma upya. Kuna mfano mbaya zaidi ambao hata kurudi nyuma mtu harudi. "Jaza fomu ilikupata kibali." Mwandishi alitaka kusema ujaze kwa ajili ya kupata kibali. Alichoandika ni kwamba kuna kitu kilikupata wewe, kama vile tunavyoulizana "barua ilikupata?" Na kinyume chake pia kipo, nakutana na "kikao cha jana hoja kubwa ili kuwa bei", hapo ni ilikuwa, jambo la jana, siyo kusudi. Kipimo ni kuweka "kwa lengo la" au "kusudi" mahali pa ili. Tuma ankara kusudi tuweze kulipia, inakubali, basi nafasi ipo. Hoja kubwa kusudi kuwa bei, inakataa, unganisha.

Imeli yako ikishanyooka inasomeka hivi:

"Habari za kazi. Mzigo uliotajwa kwenye barua yako bado haujatoka bandarini kwa sababu nyaraka hazijakamilika. Tunaomba utume ankara mapema ili tuweze kulipia ushuru, ni vizuri ikifika kabla ya Ijumaa. Pia tumeweka fomu kwa ajili ya sahihi yako, tafadhali isaini na kuirudisha. Kutofanya hivyo kutasababisha gharama za stoo kuongezeka."

Sijagusa neno hata moja zaidi ya nafasi, imeli ilikuwa nzuri.

Sasa kompyuta. Nilisema ya kukata ni mabaya zaidi, sababu yake hii hapa. Kikagua spelingi kinaangalia neno mojamoja, hakiangalii jirani. Ukiwa umekiweka kwenye Kiswahili, kwasababu kitaipigia mstari mwekundu kwa sababu haimo kwenye kamusi yake, lakini "tuna omba" kitaiachia ipite kimya, tuna ipo, omba ipo, kwake kila kitu ni sawa. "Kuta sababisha" inapita vilevile, kuta zipo na sababisha ipo. Kwa hiyo uliyounganisha mashine inaweza kukusaidia, uliyokata ni macho yako na sikio lako tu.

Na wengi hata huo mstari mwekundu hauwasaidii, maana programu imebaki kwenye Kiingereza, ukurasa mzima wa Kiswahili uko mwekundu na mtu ameshazoea kutouangalia. Kama unaandikia kwenye Word, chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, nenda Review, kisha Language, kisha Set Proofing Language, utafute Kiswahili. Halafu yale unayoyakosea kila siku yaweke kwenye File, Options, Proofing, AutoCorrect Options: upande wa Replace unaandika kwasababu, upande wa With unaandika kwa sababu. Weka pia kwaajili, kwahiyo, kwaniaba, nivizuri, nimuhimu, silazima. Ila sikiliza, weka zile tu ambazo zikiungana haziwi sahihi hata siku moja. Usiweke ilikuwa wala ilikupata, maana hizo zina matumizi yake halali na mashine itakukatia hata pasipotakiwa, utajikuta unatengeneza makosa mapya usiyoyaona. Na "tuna omba" na ndugu zake usijaribu kuziweka mojamoja, hazina mwisho, kila kitenzi kina yake.

Kwa hizo fanya hivi kabla hujatuma: Ctrl+F, tafuta nina, halafu tuna, halafu ana na wana, ukiweka nafasi mbele na nyuma ya neno ili isikuletee kila kitu chenye herufi hizo. Kila inaposimama uliza, kinachofuata ni kitu au ni kitendo? Imeli ya kawaida ya ofisini haina nyingi, unamaliza chai haijapoa.

Kwenye simu tatizo ni kwamba kibodi inajifunza kutoka kwako. Umeandika kwasababu mara nyingi, sasa inakupendekezea kwasababu kama neno halali, unaigusa, inazidi kuamini. Kama unatumia Gboard, pendekezo likitokea lishikilie kwa kidole usiachie, ulivute mpaka kwenye alama ya kufuta, litaondoka. Halafu kwenye mipangilio yake kuna Dictionary, ndani yake Personal dictionary, hapo unaandika kwa sababu na kwenye shortcut unaweka kwasababu, siku nyingine ukiunganisha inakupa iliyo sahihi pale juu, wewe unagusa tu. Aifoni kitu hichohicho kiko Settings, General, Keyboard, Text Replacement.

Lile la mkato, "yako,tafadhali", kanuni yake ni fupi: mkato na nukta vinashikana na neno lililotangulia, nafasi inakuja baada yake. Kwenye imeli kuna adha nyingine ambayo kwenye karatasi haipo. Ukisahau nafasi baada ya nukta, baadhi ya programu zinadhani umeandika anwani ya tovuti na zinaigeuza kiungo cha bluu, hasa kinachofuata kikiwa kifupi kama na, ni, la au pa, kwa sababu hizo zote ni miishio halali ya anwani za mtandao, .na ni ya Namibia, .ni ni ya Nikaragua, .la ni ya Laosi, .pa ni ya Panama. Ukiandika "Tumepokea ankara.na risiti tunasubiri" mteja anaweza kuona ankara.na imepigiwa mstari, akaibonyeza akaenda asikokujua, na kwa mtu aliyeshatapeliwa kwa imeli hapo anaanza kuogopa imeli zako.

Nimrudie mwenzako. Ni kweli lugha inabadilika hata kwenye nafasi. Ukifungua vitabu vya Kiswahili vya zamani utakuta wameandika "ye yote", "po pote", "wo wote", mbalimbali, na leo tunaandika yeyote, popote, wowote na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo siwezi kusema kwasababu haitaungana kamwe. Lakini mpaka leo mwongozo wetu ni kamusi, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI iliyotoka mara ya kwanza 1981, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA ya 2015, zote zinaitambua sababu kama neno linalojitegemea. Kwenye meseji za watsapu na mwenzako andika unavyotaka, hakuna anayekudai. Kwenye imeli inayoenda kwa mteja ikiwa na jina la kampuni chini, fuata kamusi, kwa sababu yule mteja naye akipeleka imeli yako kwa mwanasheria wake au kwa watu wa forodha wataisoma watu ambao hawakujui na hawana cha kukupimia zaidi ya hayo maandishi.

Na kuna machache ambayo hata wahariri tunabishana, usiyapotezee usingizi. Barua pepe mi naandika mbili, kuna wanaounga, kuna wanaoweka kistari. Mbalimbali, vilevile, polepole naunga, kwa sababu bidhaa mbalimbali hazina uhusiano na umbali na polepole haina uhusiano na kupeana pole, ingawa magazetini utakuta "mbali mbali" kila siku. Kwa hayo kaeni na bosi wako mchague moja ofisi nzima, muiandike kwenye karatasi moja ibandikwe karibu na printa, na anayekuja mpya aanze nayo.